36 kwa 1 za shemeji yangu

Shemeji yangu anauza maji ya kunywa kwa mwezi, madumu ya lita 20 anakuletea mpaka mlangoni, unalipa elfu 30 kila mwezi. Juzi tumekaa barazani kanambia mteja mmoja ananigharimu elfu 10 kumpata, kisha ananipa laki 3 na 60 kwa mwaka, 36 kwa 1! Mie n'kamwambia hebu lete daftari.

Kwanza hiyo elfu 10 ni matangazo ya simu tu, laki 2 kagawa kwa wateja wapya 20. Kasahau komisheni ya vijana wanaopita nyumba kwa nyumba, mwezi wa mwanzo anaotoa bure, na pampu anazogawa. Jumla ilikuwa laki 8, yaani elfu 40 kwa kichwa.

Na laki 3 na 60 ni mauzo, si faida. Maji yenyewe, petroli na ujira wa kupeleka vinakula elfu 20, zinabaki elfu 10 kwa mwezi. Halafu huo "mwaka" kautoa wapi? Mwezi ulianza na wateja 100 wakatoka 10, yaani 0.10 yao kwa mwezi, kwa hivo ukigawa 1 kwa 0.10 unapata wastani wa miezi 10. Elfu 10 mara 10 ni laki 1, gawa kwa elfu 40, ndo 2.5 kwa 1. Kanywea kidogo, maana kasikia wenye makampuni ya softiwea wanataka angalau 3.

Lakini mie hata hiyo 2.5 siiamini, ndo n'kamwambia tuwatenge. Nusu ya wateja ni familia za Fuoni na Mwanakwerekwe, kati ya 50 wametoka 2. Nusu nyengine ni wafanyakazi wa hoteli waliopanga vyumba Paje, wametoka 8, maana masika hoteli zikipunguza watu wao hao wanarudi bara. Familia zinamgharimu elfu 20 kwa kichwa kwa sababu jirani anamwambia jirani, wa Paje elfu 60 maana matangazo na mwezi wa bure karibu vyote vinaishia huko. Basi mtu wa Paje anakaa miezi 6 na ushei, analeta kama elfu 62, yaani anarudisha pesa iliyomleta kisha huyo, kaondoka. Na shemeji alikuwa anataka kuongeza matangazo huko huko!

Familia kwa hesabu hiyo zinakaa miezi 25, 12.5 kwa 1, na hapo ndo akaanza kuchekelea tena. N'kamwambia yakhe biashara yako ina miezi 9, hiyo 25 umeiona wapi, na watu 2 wa mwezi mmoja wakiwa 4 mwezi ujao hesabu inakatika nusu. Hesabia miezi 12 tu, laki 1 na 20 kwa elfu 20, 6 kwa 1, bado inalipa vizuri.

Kalichukua daftari lake, kasema mwezi ujao anasimamisha ile ofa ya Paje, za Fuoni anaongeza komisheni.