Alizeti pori huoza haraka kuliko mgrivea mara ngapi? Mifuko ileile, majibu matatu

Ripoti nyingi za majaribio ya kuoza kwa majani yaliyofukiwa ndani ya mifuko ya wavu huishia kwenye jedwali la safu mbili: jina la mti, na k yake, yaani kasi ya kuoza. Msomaji anagawanya k moja kwa nyingine, anapata "mara tano", na habari imeishia hapo. Mimi jedwali hilo siliamini mpaka nijue k ilikokotolewaje, kwa sababu mifuko ileile inaweza kukupa mara tano, mara nane au mara kumi na mbili.

Tuchukue namba za mfano, nilizozitunga mwenyewe ila zenye umbo linalofahamika kwa yeyote aliyefukia mifuko hii. Upande mmoja tuna alizeti pori, Tithonia diversifolia, ambayo wakulima wa magharibi mwa Kenya huikata ikiwa mbichi na kuiweka shambani kama mbolea. Upande wa pili ni mgrivea, Grevillea robusta, mti wa mipakani mwa mashamba. Kila mfuko wa wavu wa nailoni wenye matundu ya milimita 1 au 2 umewekwa gramu 10 za majani, kwa uzito mkavu. Mifuko michache inatolewa wiki ya 2, 4, 8, 12 na 16, inasafishwa, inakaushwa kwenye oveni na kupimwa. Sehemu iliyobaki kwa alizeti pori ni 0.55, 0.33, 0.17, 0.13 na 0.12. Kwa mgrivea ni 0.94, 0.88, 0.78, 0.70 na 0.62.

Mlinganyo tunaotumia sote ulipata umaarufu kupitia mwanaikolojia Jerry Olson mwaka 1963: `p = exp(-k*t)`, p ikiwa sehemu iliyobaki na t idadi ya wiki, yaani kila wiki majani yanapoteza sehemu ileile ya kile kilichobaki. Njia ya zamani ya kuutumia ni kuchukua logi asili ya p na kupitisha mstari ulionyooka kuanzia sifuri. Zama za kikokotoo cha mkononi, hiyo ilikuwa njia rahisi kuliko zote. Kwa mgrivea inakupa k ya 0.03 kwa wiki, na mkunjo usio na logi tutakaouona baadaye unakupa hiyohiyo, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi. Kwa alizeti pori inakupa 0.16. Sasa rudisha k hiyo kwenye mlinganyo uone inasema nini: wiki ya 4 ingebaki 0.52, ilhali mfukoni imebaki 0.33. Mstari huo unadai nusu ya majani huisha baada ya wiki nne na ushei, wakati mifuko yenyewe inaonyesha nusu imekwisha muda mfupi tu baada ya wiki ya pili.

Kosa liko kwenye logi. Logi inavuta namba ndogo na kuzipa sauti kubwa. Mfuko wa wiki ya 16 wenye gramu 1.2 unaamua mwelekeo wa mstari kuliko mfuko wa wiki ya 2, ingawa majani mengi yalipotea mwanzoni. Na gramu hizo 1.2 ndizo za kutiliwa shaka kuliko zote, kwani udongo hupenya wavuni na kugandamana na mabaki, na brashi haiutoi wote.

Dawa yake ni kuchoma. Sampuli inasagwa na kuunguzwa kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 550 hivi za Selsiasi, kisha majivu yanapimwa. Unahitaji namba tatu: sehemu inayoungua ya majani ya mwanzo, ya udongo wa pale pale, na ya kile kilichotoka mfukoni. Tuseme ni asilimia 88, 10 na 60. Sehemu ya majani halisi ni (60 − 10) ÷ (88 − 10), yaani 0.64. Gramu 1.2 zinakuwa 0.77, na karibu nusu gramu ilikuwa udongo. Kwenye mizani hiyo ni tofauti ndogo. Kwenye logi ni sawa na kushuka kutoka gramu 10 hadi 6.4. Marekebisho ya tarehe hiyo moja tu yanaisogeza k ya mstari kutoka 0.16 hadi 0.18. Udongo uleule kwenye mfuko wa mgrivea wenye gramu 6.2 ungepita bila kuonekana, na hapo ndipo ulinganisho unapopinda: spishi inayooza haraka ndiyo inayochafuliwa zaidi, na inaonekana kuoza polepole kuliko ilivyo.

Kwa hiyo pitisha mkunjo kwenye sehemu iliyobaki yenyewe, bila logi. Kwenye R, programu ya takwimu, ni mistari michache, d ikiwa jedwali lenye safu sp ya spishi, t ya wiki na p ya sehemu iliyobaki:

```r
a <- subset(d, sp == "alizeti" & t > 0)
m1 <- nls(p ~ exp(-k*t), data = a, start = list(k = 0.2))
m2 <- nls(p ~ s + (1-s)*exp(-k*t), data = a,
          start = list(k = 0.3, s = 0.1))
AIC(m1, m2)
```

`m1` inakupa k ya 0.25, na safari hii udongo wa wiki ya 16 hauitikisi k hiyo. Lakini chora masalio, yaani tofauti kati ya ulichopima na kile mkunjo unachotabiri, kabla hujafurahi. Mwanzoni mkunjo uko juu ya mifuko, mwishoni uko chini: wiki ya 16 unatabiri 0.02 pale ulipopima 0.12. Masalio yakijipanga upande mmoja na kisha upande mwingine hivyo, jani si kitu kimoja. Sukari na protini zinaondoka haraka, lignini na vilivyoshikamana nayo vinabaki nyuma. `m2` inaruhusu sehemu s isioze ndani ya muda wa jaribio, na hapo k inafika karibu 0.36, s ikiwa kama asilimia 11 au 12. Mkunjo unapita karibu juu ya kila nukta. Unavutia, ila s hiyo ndiyo namba inayobebwa na mifuko ya mwisho, kwa hiyo kama hukuchoma sampuli na kupima majivu huenda unapima udongo na kuuita lignini.

Kwa mgrivea, `m2` haifai hata kujaribiwa kwa namba hizi. Asilimia 62 bado iko mfukoni, mkunjo haujaanza kulala, na R ama itagoma au itakupa s yenye kosa kubwa kuliko yenyewe. Hata nusu-uhai wake wa wiki 23 ni ubashiri, kwani jaribio liliishia wiki ya 16.

Basi ni mara ngapi? 0.16, 0.25 au 0.36, gawanya kwa 0.03. Tena ile ya 0.36 inahusu sehemu laini tu ya jani, kwa hiyo kuilinganisha na k ya mgrivea mzima ni kulinganisha vitu viwili tofauti. Mimi ningeacha uwiano huo kabisa na kuandika kilichopotea kwenye tarehe yenye maana kwa mwenye shamba, pamoja na upana wa shaka: wiki ya 4 baada ya kupanda mahindi, alizeti pori imepoteza asilimia 67, mgrivea 12.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mlinganyo utakaolirekebisha. Alizeti pori iliingia mfukoni ikiwa jani bichi, lenye naitrojeni kama asilimia 3.5. Mgrivea kwa kawaida huokotwa chini ya mti, baada ya mti kunyonya sehemu ya naitrojeni kabla ya kuangusha jani. Ukitaka kusema lolote kuhusu spishi, weka pia mifuko ya mgrivea mbichi iliyokatwa siku ileile. Ukitaka kusema kuhusu kile mkulima anachoweka shambani, acha kama ilivyo, lakini andika hivyo kwenye kichwa cha jedwali.