Anayegeuza na Gari Anahesabiwa Wapi?

Juzi nilisikiliza wasilisho la wataalamu kuhusu daladala na foleni za Dar es Salaam. Kwenye grafu ya Barabara ya Nyerere, asubuhi, hata gari zinazotoka mjini kwenda Gongo la Mboto zilionekana kuwa na abiria wa kutosha. Mwasilishaji akaeleza kwamba huenda ajira zinahamia pembezoni.

Nilinyoosha mkono. Nimepanda daladala za njia hiyo kwa miaka, na wengi wa abiria hao hawaendi Gongo la Mboto. Wanageuza. Mtu anaishi Ukonga, gari za kwenda mjini zinampita kituoni zikiwa zimeshona, basi anavuka barabara, anapanda inayokwenda mwisho wa njia, analipa, anakaa kwenye siti, kisha anarudi nayo na kulipa tena. Karani aliyesimama barabarani na karatasi yake anamwandika mara mbili, kila mara kwa upande wake, na safari moja ya kwenda kazini inakuwa mbili.

Nikauliza: je, pale Gongo la Mboto kuna aliyehesabu wasioshuka? Ni kazi ya asubuhi moja. Karani anasimama mlangoni gari likifika mwisho na kuandika waliobaki wamekaa. Idadi hiyo inapunguzwa kwenye safari za kutoka mjini, na yenyewe ni kipimo cha upungufu wa magari, kwa sababu hakuna anayelipa nauli ya ziada kwa hiari.

Swali langu la pili lilihusu nauli. Walitumia viwango vya LATRA, ambavyo hupangwa kwa umbali, wakavilinganisha na kipato. Lakini gari likikutana na foleni, konda anatangaza mwisho hapo hapo, watu washuke. Dereva ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, na dakika 40 za kusukumana hadi Posta zinamla tripu nzima. Tuseme safari ya kilomita 14 ni shilingi 700, na safari fupi ni 600. Gari likikatisha ruti katikati, abiria analipa 600 mara mbili. Nauli halali imefuatwa kila kipande, naye ametoa 1,200.

Kukatisha ruti nako kunaonekana ukitaka kukuona: hesabu daladala za Posta zinazopita Tazara kwa saa moja, halafu hesabu zinazofika Posta kweli. Nilipendekeza pia abiria aulizwe jambo moja tu: leo, kutoka mlangoni kwako hadi kazini, umetoa shilingi ngapi kwa jumla?

Mwasilishaji alikiri kwamba dodoso lao liliuliza nauli ya gari alilopanda mtu wakati anahojiwa. Kwa maoni yangu, kabla hawajapendekeza kupunguza daladala kwenye barabara ile kwa madai kwamba zinazidi, warudi kituoni na dodoso jipya, saa 12 asubuhi.