Picha imekinaisha, au namba imesomwa vibaya?

"Tangazo langu la viatu Facebook na Instagram lilikuwa linaniletea jumbe 22 kwa siku, sasa zimeshuka hadi 12. Frequency inasoma 3.2. Naambiwa picha imechoka, niibadilishe kila wiki na niweke kikomo mtu asiione zaidi ya mara mbili. Nifanyeje?"

Kabla hujaigusa picha, tazama tarehe ulizochagua kule juu kwenye Ads Manager. Kama umechagua Maximum, yaani tangu tangazo lianze kurushwa, namba hiyo haikuambii chochote kuhusu wiki hii. Frequency ni Impressions kugawanya kwa Reach. Mtu akishahesabiwa kwenye Reach hahesabiwi tena, lakini kila akiliona tangazo, Impressions inaongezeka. Ukiisoma tangu mwanzo, namba hiyo karibu kila mara itakuwa inapanda, hata kwa tangazo linalouza vizuri kabisa. Picha nyingi nzuri zimetupwa kwa sababu ya kupanda huko tu.

Wanaokushauri ubadilishe mapema wana hoja, na inafaa isikilizwe. Mtandao hautangulizi watu ovyo. Unaanza na wale unaodhani wataitikia haraka, kwa hiyo wateja wepesi huvunwa siku za mwanzo. Wanaobaki ni wagumu zaidi, na kila siku ya kusubiri unalipia macho yaliyokwisha kuamua. Tena Frequency ni wastani. Wastani wa 3 unaweza kuwa na maelfu walioona mara moja, na kundi dogo lililoona mara 10 na linalobofya kitufe cha kuficha tangazo. Kwa mwenye walengwa wachache, tuseme watu 5,000 waliowahi kutembelea tovuti yake, uchovu unaweza kuingia ndani ya siku chache. Huyo akisubiri wiki tatu atakuwa amechelewa.

Hata hivyo ushauri huo umegeuzwa kuwa kanuni ya kila mtu, na wanaoumia ni wafanyabiashara wa bajeti ndogo. Kiswahili kinatupa maneno mawili yanayosaidia hapa: kuzoeleka na kukinaisha. Tangazo lililozoeleka ni lile ambalo mtu amelipita mara mbili, mara ya tatu akasimama kwa sababu sasa duka analijua. Lililokinaisha ni lile analolipita bila hata kulisoma. Mwaka 1972 Herbert Krugman, mtafiti aliyekuwa General Electric, aliandika kwamba mara tatu zinaweza kutosha: ya kwanza mtu anajiuliza hiki ni nini, ya pili kinanihusu nini, ya tatu anakumbushwa. Alikuwa anaeleza hatua za akili, na mtu anaweza kuliona tangazo mara nyingi akiwa bado yuko kwenye hatua ya kwanza. Wengi wamekumbuka ile tatu na kuifanya mpaka.

Nikupe mfano ninaoujua kwa karibu. Dada mmoja anauza mapazia Mwanza. Alikuwa analipia shilingi 20,000 kwa siku, tangazo linalompeleka mtu WhatsApp, picha moja ya sebule yenye pazia la kijani. Wiki ya kwanza CPM yake, yaani bei ya tangazo kuonekana mara 1,000, ilikuwa shilingi 2,500, kwa hiyo bajeti ya wiki, 140,000, ilimpa Impressions 56,000. Reach ilikuwa 35,000, Frequency 1.6. CTR, yaani kiwango cha kubofya, ilikuwa asilimia 1.25. Katika kila mara 1,000 tangazo lilipoonekana, alipata mibofyo 12 na nusu, kila mbofyo shilingi 200. Robo ya waliobofya walituma ujumbe, hivyo kila ujumbe ulimgharimu 800, na alipata takriban 25 kwa siku.

Wiki ya nne ujumbe mmoja ulifika shilingi 1,200, na kwa siku akawa anapata 16 au 17. Alifungua simu, akaona Frequency 3.4, akanipigia: "Kaka, picha imekufa." Jioni hiyo hiyo alikuwa ameshaibadilisha.

Tulipotenganisha wiki moja moja, mambo yalionekana tofauti kabisa. Wiki hiyo ya nne CTR ilikuwa ileile, asilimia 1.25. Waliobofya na kutuma ujumbe walikuwa robo ileile. Kilichobadilika ni CPM, iliyotoka 2,500 hadi 3,750. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, wauzaji wengi wanagombea macho yaleyale, na bei ya kuonekana ilipanda. Impressions zake zilishuka hadi 37,000 na kidogo, Reach ya wiki 24,000, Frequency ya wiki 1.6. Yaani kwa wiki hiyo watu walikuwa wanaliona tangazo kwa kiasi kilekile cha wiki ya kwanza. Ile 3.4 ilikuwa jumla ya mwezi mzima.

Picha mpya haikushusha bei hiyo ya kuonekana. Ilimpotezea vitu viwili. Kwanza, maoni na majibu yaliyokuwa yamekusanyika chini ya tangazo la zamani, ambayo mnunuzi wa mapazia huyasoma kabla ya kutuma hela, hayakuhamia kwenye tangazo jipya. Pili, alirudi kwenye kipindi cha kujifunza.

Hapa pa pili napasisitiza, kwa sababu ndipo gharama halisi ya kubadilisha kila wiki ilipo. Meta wanasema kundi la matangazo huhitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki baada ya badiliko kubwa la mwisho ili mfumo utulie, na kuongeza au kubadilisha tangazo ndani ya kundi ni badiliko kubwa. Wakati wa kujifunza bei huyumba na mara nyingi huwa juu. Dada wa mapazia, kwa jumbe 17 kwa siku, alivuka 50 siku ya tatu. Wewe wa 12 kwa siku utahitaji siku nne au tano. Lakini mwenye bajeti ya shilingi 5,000 anayepata jumbe 5 kwa siku anahitaji siku 10. Akibadilisha picha kila Jumatatu, hatatoka darasani maisha yake yote. Atakuwa analipa bei ya kujifunza wiki hadi wiki, kisha aseme matangazo ya mtandaoni hayalipi. Anayemwambia abadilishe kila wiki huenda ana bajeti mara hamsini ya hiyo, na kwake ushauri huo ni sahihi.

Kwa hiyo soma mambo matatu pamoja, siku 7 dhidi ya siku 7 zilizotangulia. CPM ikipanda na CTR ikabaki, tatizo liko sokoni. CPM na CTR zikibaki lakini jumbe zikapungua, angalia kinachotokea baada ya kubofya: bei imepanda, namba ya WhatsApp haijibu, mzigo umeisha. CTR ikishuka wiki mbili mfululizo huku Frequency ya wiki ikipanda na CPM ikiwa haijasogea sana, hapo picha imekinaisha kweli.

Kwa dada wa mapazia hilo lilitokea pia, wiki ya tisa. Desemba ilikuwa imepita, CPM imerudi 2,500, na alikuwa amerudisha pazia la kijani. Katikati alipunguza walengwa, akabakiza mitaa michache iliyo karibu na duka. Impressions zilikuwa 56,000 kama mwanzo, lakini Reach 18,000 tu, Frequency ya wiki 3.1. CTR ilishuka hadi asilimia 0.9, wiki iliyofuata 0.7. Mibofyo 7 kwa kila 1,000, kila mmoja shilingi 357, ujumbe zaidi ya 1,400. Safu ya Delivery inaweza kuonyesha Creative limited gharama ikizidi matangazo yako ya nyuma, na Creative fatigue ikifika mara mbili au zaidi. Yeye hakusubiri mara mbili, na alifanya sawa, kwa sababu dalili zote tatu zilikuwa upande mmoja.

Kuhusu kikomo, ulichoshauriwa hakipo mahali unapokitafuta. Meta hukuruhusu kuweka kikomo, kwa mfano mara 2 kila siku 7, kwenye kampeni za lengo la Awareness. Kampeni yako ya jumbe haina kitufe hicho. Wengine huhamia Awareness ili wakipate, na hilo silishauri kwa muuza viatu: mfumo utaacha kutafuta watu wa kutuma ujumbe, utatafuta wa kuonyeshwa tu. Utapata Frequency nzuri na simu iliyonyamaza.

Kwa kampeni yako, kikomo hutengenezwa kwa njia ya kuzunguka. Panua walengwa, maana bajeti ileile ikigawanywa kwa watu wengi zaidi marudio hupungua. Kama eneo lako haliwezi kupanuka, punguza bajeti. Waondoe wateja walionunua juzi kwa kupakia orodha yao, ili usiwalipie tena. Kisha weka kanuni ya kujiendesha kwenye Automated rules: kama kwa siku 7 zilizopita Frequency imezidi 3 na Cost per result imezidi kiwango ulichokubali, ikutumie taarifa. Taarifa tu, isizime tangazo. Hiyo 3 nayo ni kengele ya kukuamsha uende ukaangalie CTR, na kwa walengwa wachache inaweza kulia ukiwa umeshachelewa.

Na ukifika wakati wa kubadilisha, badilisha kweli. Kubadilisha rangi ya maandishi, kugeuza picha kulia kushoto, au kunakili tangazo lilelile kwenye kampeni mpya hakumdanganyi mtu anayeperusha simu kitandani. Jicho linatambua sebule ileile. Dada wa mapazia alirekodi video ya sekunde 12 kwa simu: fundi yuko juu ya ngazi, anapitisha pazia kwenye bomba, analiachia linashuka mpaka sakafuni. Aliweka hiyo na picha mbili nyingine siku moja, ndani ya kundi moja, ili agharamie kujifunza mara moja tu. Kisha akakaa wiki mbili bila kugusa kitu. Video ilipata CTR ya asilimia 1.4, na ujumbe ukarudi karibu shilingi 715.

Pazia la kijani hakulifuta. Lilipumzika wiki sita, akalirudisha, likafika asilimia 1.1: chini ya siku zake za mwanzo, lakini mbali na ile 0.7.

Wewe fungua wiki hii na ile iliyopita kando kwa kando. Kama CTR ya viatu haijashuka, picha iache ilipo.