Wabebaji wa bakteria wa homa ya uti wa mgongo: je, bweni zima lipewe dawa?

"Kama na wenzake wana vijidudu hivyo kooni, kwa nini wasipimwe wote wakapewa dawa?" Ni swali la mzazi mwenye mtoto katika shule ya bweni hapa Dodoma, kuhusu mwanafunzi anapougua homa ya uti wa mgongo.

Katika bweni la wanafunzi 60, si ajabu 6 hadi 15 wakawa na meningokokasi, bakteria wa ugonjwa huo, nyuma ya pua na kooni, kwani takriban mtu mmoja kati ya kumi huwabeba bakteria hao, na vijana huwabeba zaidi. Hukaa humo wiki au miezi bila kuleta hata kikohozi, huku mwili wa mbebaji ukijijengea kinga dhidi yao. Hatari iko zaidi katika siku kumi hivi za mwanzo, kinga hiyo ikiwa bado changa. Bakteria wenye ganda la sukari, ambalo huwakinga dhidi ya chembe nyeupe za damu, wakipenya utando wa koo huingia kwenye damu na kuzaliana upesi. Wengine hufika kwenye utando wa ubongo. Wengine huanza kumwaga sumu katika damu, mishipa ikavuja na shinikizo la damu likashuka. Mgonjwa wa namna hii anaweza kufa ndani ya saa 24 shingo yake haijakakamaa kamwe. Dalili ya kutazamwa ni homa pamoja na mikono na miguu ya baridi, maumivu ya miguu, na madoa ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa kwa bilauri. Kwenye ngozi nyeusi yatafutwe viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Huyo achomwe sindano ya antibiotiki seftriaksoni mara moja, vipimo vifuate.

Kuhusu wenzake, kupima makoo kunasaidia kidogo. Majibu ya kuotesha bakteria maabara huchukua siku kadhaa, na wengi watakaoonekana ni wabebaji wa muda mrefu ambao tayari wana kinga, au wenye aina isiyo na ganda. Kuwafagia wote kwa dawa huondoa pia bakteria jamaa wasio na madhara, ambao husaidia kujenga kinga, na huchochea usugu.

Hata hivyo, upande wa kuwapa wote dawa una ushahidi mzito. Nchini Niger, mwaka 2017, wakati wa mlipuko, vijiji vilivyopewa dozi moja ya antibiotiki siprofloksasini kwa wakazi wote vilipata wagonjwa pungufu kwa zaidi ya nusu, ilhali kutibu kaya ya mgonjwa pekee hakukupunguza ugonjwa kijijini kwa kiasi cha kuonekana. Lakini huo ulikuwa mlipuko, si mgonjwa mmoja.

Kwa maoni yangu, akiugua mmoja, dawa wapewe mara moja, bila kupimwa, wanaolala naye chumba kimoja na waliokaa naye karibu kwa siku saba kabla hajaugua. Akitokea wa pili mwenye aina ileile ya bakteria ndani ya wiki nne, bweni zima limeze dawa siku moja, kwa sababu wakimeza kwa zamu, aliyekwisha kusafishwa koo huambukizwa upya na ambaye bado.