Tazama matumizi kabla ya kulaumu betri

"Gari langu la umeme liliandikwa kilomita 400 kwa chaji moja, mbona safarini napata 300? Betri imechoka?"

Angalia kwanza matumizi kwenye dashibodi. Kipimo cha WLTP, kile cha maabara kinachotoa umbali unaoandikwa kwenye gari, kina mwendo wa wastani wa kilomita 46 hivi kwa saa, na ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 120 unazidi maradufu. Betri ya kilowati-saa 60 ikitumia 15 kwa kila kilomita 100 hufika 400. Ikitumia 20, huishia 300, nayo ni nzima kabisa.

Uchakavu huonekana tofauti: matumizi ni yale yale, lakini umbali unapungua mwaka hadi mwaka. Uwezo ukibaki asilimia 90, hiyo 300 inakuwa 270. Tafadhali usiiache siku nyingi juani ikiwa imejaa chaji, ndiko inakoumia zaidi.