Geti hufungwa kabla ya saa ya kuondoka, na sababu kubwa ni begi lako

Tiketi ikiandika kuwa ndege inaondoka saa 4:00 asubuhi, maana yake ni kwamba saa 4:00 ndege inatakiwa ianze kusogea kutoka kwenye maegesho yake. Milango iwe imeshafungwa, daraja la abiria limeshaondolewa na trekta ya kuisukuma iko tayari puani. Kuruka kwenyewe kunakuja baadaye, pengine dakika 10 au 20 mbele, ikitegemea foleni ya ndege nyingine. Abiria wengi husoma saa hiyo kama mwisho wao wa kuingia, na hapo ndipo ugomvi wa getini unapoanzia.

Mashirika mengi hufunga geti kati ya dakika 10 na 20 kabla ya kuondoka. Mengine hufunga mapema zaidi. Mimi natetea utaratibu huo, ingawa nina manung'uniko yangu kuhusu yanayomkuta abiria baadaye. Ili uone kwa nini nautetea, chukua ndege moja ya saa 4:00. Waliochekin ni 160, na geti linafungwa saa 3:45.

Saa nne kasorobo inafika, na kompyuta ya getini inaonyesha waliopita ni 159. Aliyebaki ameshaitwa jina mara kadhaa kwenye kipaza sauti. Angekuwa hana begi tumboni mwa ndege, mambo yangekwisha haraka: jina lake linaondolewa, na kiti chake anapewa anayesubiri nafasi, kama yupo. Lakini huyu alikabidhi begi moja, na begi hilo limeshapakiwa.

Haliwezi kwenda bila yeye. Juni 23, 1985, ndege ya Air India namba 182 ililipuka juu ya Atlantiki karibu na Ireland, wakafa watu wote 329 waliokuwamo. Bomu lilikuwa ndani ya sanduku la mtu aliyechekin Vancouver, sanduku likasafiri, yeye hakupanda. Miaka mitatu baadaye, Desemba 21, 1988, Pan Am 103 iliangushwa juu ya Lockerbie kwa bomu lililokuwa kwenye sanduku jingine lisilo na mwenyewe ndani ya ndege. Leo kanuni za kimataifa za usalama wa anga zinataka mzigo wa abiria ambaye hakupanda usisafirishwe, isipokuwa umetambuliwa hivyo na kupitishwa kwenye ukaguzi wa ziada. Kwa kawaida shirika huona ni rahisi kuushusha.

Kwa hiyo saa 3:46 namba ya lebo ya begi, ile yenye tarakimu 10 chini ya mistari myeusi, inatumwa kwa wapakiaji. Kwenye ndege kubwa mizigo hupangwa ndani ya makontena, na kila begi huskaniwa linapoingia, hivyo inajulikana liko kontena gani. Kwenye ndege ndogo zaidi mabegi mara nyingi hurundikwa moja moja ndani ya chumba chenye dari fupi. Mpakiaji anaingia kwa magoti, anageuza begi baada ya begi akisoma lebo kwa tochi. Likiwa karibu na mlango, ni dakika mbili. Likiwa lilipakiwa mwanzo, liko ukutani nyuma ya mengine yote.

Tuseme limepatikana saa 3:53. Juu kule mhudumu mkuu amehakikisha idadi ya waliomo, na karatasi ya uzani inasahihishwa: abiria 159, begi moja pungufu. Uzito wa mtu mmoja hautikisi ndege ya ukubwa huo, na taratibu zinaruhusu masahihisho madogo ya dakika za mwisho. Anachotaka rubani ni kuwa na hakika kwamba idadi iliyoandikwa ndiyo iliyomo, watu na mizigo. Akiipokea, mlango unafungwa saa 3:56, daraja linaondolewa, anaomba ruhusa ya kusukumwa. Saa 4:00 magurudumu yanazunguka. Dakika zote 15 zimetumika.

Sasa mfikirie yule abiria akitokea saa 3:55, pasi mkononi. Anaiona ndege kupitia kioo na mlango bado haujafungwa. Kwake yeye, kukataliwa ni roho mbaya tu. Lakini jina lake limeshaondolewa, begi lake liko chini kwenye lami, na hesabu imeshapelekwa kwa rubani. Kumrudisha ni kuanza yote upya, huku watu 159 wakisubiri na muda wa kuruka ukiponyoka. Barani Ulaya, ndege iliyopangiwa muda na waratibu wa anga inatakiwa iruke kuanzia dakika 5 kabla ya muda huo hadi dakika 10 baada yake. Ukikosa dirisha hilo unapangiwa jingine, na hilo linaweza kuwa mbali.

Ni kweli kwamba mara nyingine ndege husubiri. Msimamizi akiambiwa kwamba begi liko ndani kabisa na mwenye begi ameonekana kwenye foleni ya ukaguzi, anaweza kuona kumsubiri kunachukua muda mfupi kuliko kulitafuta. Ndiyo maana ukikwama kwenye foleni, mwambie mfanyakazi yeyote wa shirika lako kabla geti halijafungwa. Taarifa hiyo ina thamani saa 3:40. Saa 3:55 haina kazi tena. Na usijidanganye kwamba kusafiri na begi la mkononi tu kunakupa nafuu ukichelewa. Kunarahisisha kukuacha.

Aliyeachwa hukabiliwa na mlolongo wake. Kama ni safari ya nje ya nchi na ameshagongewa muhuri wa kutoka, anahitaji kurudishwa uhamiaji na muhuri ule ubatilishwe. Begi lake hulifuata upande wa wanaowasili, kwenye mkanda au ofisi ya mizigo. Kisha anaenda dawati la shirika, ambako hulipia mabadiliko na tofauti ya nauli, au hununua tiketi mpya kama ile ilikuwa haibadilishwi. Aliyechelewa kwa sababu ndege yake ya kwanza ilichelewa, na safari zote ziko kwenye tiketi moja, hali yake ni tofauti kabisa: shirika ndilo lenye wajibu wa kumtafutia ndege nyingine. Aliyeunganisha tiketi mbili alizonunua mbalimbali kwa kawaida hana utetezi huo.

Manung'uniko yangu yako kwenye jambo moja. Kwa mashirika mengi, ukishaandikwa kuwa hukutokea, vipande vyote vilivyobaki kwenye tiketi hiyo hufutwa, pamoja na safari ya kurudi. Mtu ananunua tiketi mpya ya kwenda kwa shirika jingine akiamini ya kurudi bado anayo, halafu wiki mbili baadaye anafika kuchekin na kuambiwa hayumo kwenye orodha. Usalama hauhitaji hilo, wala ratiba haihitaji. Ni sharti la biashara, linalozuia watu kununua tiketi ya safari nyingi na kutumia kipande kimoja. Ukiachwa, kabla hujaondoka dawatini uliza kwa maneno ya wazi kama safari yako ya kurudi bado ipo, na kama wanakubali kuibakiza, omba uthibitisho wa maandishi. Mashirika nayo yangemtumia abiria ujumbe siku hiyohiyo kwamba tiketi yake ya kurudi imefutwa. Kumwita jina kwenye kipaza sauti wanaweza, na namba yake ya simu wanayo.