Jumbe 12 zilizoshindwa na jumbe 2

"Mwalimu, mimi nimeandika mara 12. Yule aliyeandika mara 2 amenipitaje?"

Mwanafunzi wangu hapa Goma aliniuliza hivyo baada ya majadiliano ya jiografia kwenye WhatsApp. Tukafungua simu, tukasoma pamoja. Jumbe 9 kati ya zile 12 zilikuwa "nakubaliana na mwenzangu" au "asante kwa mchango".

Swali lilikuwa hili: kwa nini Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na Mei 2021 ikasimama Buhene, pembezoni mwa mji? Nasahihisha kwa pointi 20: 5 za kujibu swali lenyewe, 7 za ushahidi, 8 za kumjibu mwenzako. Walimu wengi hukipa kipengele hiki cha tatu pointi chache kuliko vyote. Mimi nakipa nyingi, maana bila hicho kila mtu huangusha insha yake na kwenda zake.

Wa kwanza aliandika kwamba lava ya 2021 ilikuwa kidogo. Yumo kwenye swali, nikampa 5. Amejuaje? Hakusema, ushahidi ukabaki 0.

Yule wa jumbe 2 akamjibu: "Wewe unatazama wingi tu. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka hadi Munigi, jirani na uwanja wa ndege. Baba alikuwa Munigi siku hiyo, ameziona. Hata lava kidogo ingeingia mjini kutoka pale." Ushahidi nilimpa 5. "Watu wanasema" kwangu ni 0, lakini shahidi mwenye mahali na siku ni ushahidi halali, hasa katika mji huu ambao wazee wake waliyaona mambo kwa macho. Zile 2 zilizobaki zilihitaji chanzo cha pili, ramani ya mtiririko kwa mfano.

Kwenye kumjibu mwenzake alizoa zote 8. Kipimo changu ni hiki: naufunika kwa kidole ujumbe wa mwenzake, kisha nasoma jibu peke yake. Jibu likisimama bila kupungukiwa na kitu, basi halikumjibu mtu. Hili lilianguka, kwa sababu "wewe unatazama wingi tu" haina maana bila yule wa kwanza. "Nakubaliana" nayo huanguka, ila haiongezi sababu yoyote, kwa hiyo ni 0.

Anayeanza hana wa kumjibu, na kumkata pointi kwa hilo ni dhuluma. Ndiyo maana michango ya kwanza naifunga Alhamisi jioni, na zile 8 sizigusi hadi Jumapili usiku, ili hata aliyekosa umeme au mega apate siku ya kurudi.

Wa kwanza alirudi Jumamosi: "Nyufa nimekubali. Lakini hata 2021 zilifunguka ubavuni mwa mlima. Je, zilikuwa umbali gani na mji kuliko zile za Munigi?" Nikampa 7 kati ya 8, na swali lake ndilo tulilofungulia somo la Jumatatu.